Transfoma moja kubwa, mbili sambamba, au mbili zilizotenganishwa: shoti kwenye basbaa itafika kA ngapi?

Mwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya kula pale Jinja anataka kuongeza mashine. Mzigo wake utafika kama MVA 1.2, na anataka nafasi ya kukua, kwa hiyo amepanga transfoma za jumla ya MVA 2. Umeme unaingia kwa 11 kV na kutoka kwa 415 V. Mbele yake kuna michoro mitatu, na kila fundi aliyeuleta mmoja anausifu wake:

Mchoro A una transfoma moja ya 2000 kVA.
Mchoro B una transfoma mbili za 1000 kVA zinazolisha basbaa moja, yaani mapao ya shaba ya kugawia umeme ndani ya paneli, kwa pamoja muda wote.
Mchoro C una transfoma mbili zilezile, lakini basbaa imekatwa katikati kwa breka ya kuunganisha ambayo kwa kawaida iko wazi, kila transfoma na upande wake.

Kwa kVA yote mitatu ni sawa. Kwa shoti haifanani hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utanunua breka za 36 kA, 50 kA au 65 kA, na paneli yenye mapao ya shaba yaliyofungwa kuhimili kiasi hicho. Nitapiga hesabu kwa njia ya MVA, kwa sababu inafanyika kwa kalamu ndani ya dakika kumi na inakuonyesha waziwazi ni kifaa gani kinachozuia shoti na kipi kinachoiongeza.

Njia yenyewe

Kila kifaa kilicho kati ya gridi na mahali pa shoti hupewa namba moja: MVA ambazo kingepitisha kama shoti ingetokea mdomoni mwake na nyuma yake kuna umeme usio na kikomo. Gridi unapewa namba hiyo na msambazaji. Transfoma unagawa MVA zake kwa impidansi iliyoandikwa kwenye kibao chake. Mota unazidisha MVA zake kwa mara ambazo mkondo wake wa kuwashia unazidi wa kawaida. Kisha unaunganisha:

```
Transfoma:   MVAsc = MVA / (Z% / 100)
Mota:        MVAsc = MVA x (I_start / I_n)
Kebo:        MVAsc = kV^2 / Z
Mfululizo:   MVAsc = (a x b) / (a + b)
Sambamba:    MVAsc = a + b
Mkondo:      kA = MVAsc / (1.732 x kV)
```

Angalia kwamba kanuni mbili za kuunganisha zimegeuka ukilinganisha na ulivyozoea kwenye vikinza. Vilivyo sambamba vinajumlishwa moja kwa moja, na vilivyofuatana ndivyo vinavyopigwa ile hesabu ya kuzidisha juu, kujumlisha chini. Ukiikosea hiyo, kila kitu kinachofuata ni uongo. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: MVA za vifaa vilivyofuatana lazima ziwe ndogo kuliko kile kidogo kuliko vyote. Ukipata kubwa zaidi, rudi nyuma.

Faida ya pili ni kwamba huhamishi ohmu kutoka upande wa 11 kV kwenda wa 415 V. MVA hazibadiliki zikivuka transfoma. Volti unaigusa mara moja tu, mwishoni, unapotafuta kA.

Namba za gridi

Namba ya gridi haikisiwi. Inaombwa kwa maandishi kwa msambazaji, ambaye kwa sehemu kubwa ya Uganda ni UEDCL tangu mkataba wa kampuni ya Umeme ulipoisha mwishoni mwa Machi 2025. Ukiomba, taja laini na kituo kinachokulisha, na omba namba mbili: ya leo na ile kubwa kabisa wanayoitarajia baadaye. Katika mfano huu nachukua MVA 150 kwenye 11 kV.

Hapa kuna dhana moja niliyoisikia mara nyingi Jinja: kwamba kiwanda kikiwa karibu na Nalubaale, bwawa lililo mlangoni pa Nile, basi shoti yake lazima iwe ya kutisha. Upande wa 11 kV, ndiyo, ukaribu na kituo kikubwa unahesabika. Kwenye basbaa ya 415 V hauhesabiki sana, kwa sababu transfoma inakaa katikati kama mlango mwembamba. Chukua mchoro A na upandishe gridi kutoka 150 hadi 250 MVA: shoti inatoka 37.9 kA na kufika 40.9 kA tu. Gridi imeongezeka kwa theluthi mbili, wewe umeongezewa kA tatu. Hata gridi ingekuwa haina kikomo kabisa, A isingevuka 46.4 kA. Kwa hiyo anayeamua kiwango cha shoti pale ni wewe unayechagua transfoma.

Hesabu ya michoro mitatu

Transfoma ya 2000 kVA kwa kawaida huja na impidansi ya 6%, na ya 1000 kVA huja na 5%. Hizo ndizo namba za chini ambazo kiwango cha IEC 60076-5 kinaziweka kwa ukubwa huo.

Mchoro A: 2 kugawa kwa 0.06 ni MVA 33.3. Iunganishe mfululizo na 150 ya gridi, unapata MVA 27.3, ambayo kwa 415 V ni 37.9 kA.

Mchoro B: kila transfoma ni 1 kugawa kwa 0.05, yaani MVA 20. Ziko sambamba, kwa hiyo 40. Mfululizo na gridi, MVA 31.6, sawa na 43.9 kA. Hapa wengi hushangaa, kwa kuwa kVA ni zilezile 2000. Sababu ni ile 5% badala ya 6%: transfoma ndogo zina impidansi ndogo, na mbili zikishikana mkono zinapitisha shoti nyingi kuliko kubwa moja.

Mchoro C: transfoma moja tu inalisha upande wenye shoti. 20 mfululizo na 150 ni MVA 17.6, sawa na 24.6 kA.

Sasa mota. Shoti ikitokea, mota zinazozunguka hazikai kimya. Kwa mizunguko michache ya kwanza zinageuka jenereta na kurudisha mkondo kwenye basbaa. Kiwanda hiki kina mota za MVA 0.6 zinazofanya kazi kwa pamoja, na nachukua mkondo wa kuwashia mara tano, kwa hiyo zinachangia MVA 3. Zinaongezwa sambamba na kila kitu kinachotoka kwenye transfoma. Katika A na B MVA zote tatu zinaingia kwenye basbaa moja. Katika C nusu iko kila upande, MVA 1.5.

Mwisho, mambo mawili ambayo njia ya MVA haiyaoni mpaka uyaongeze mwenyewe. Kwanza, impidansi ya kwenye oda siyo lazima iwe ya kwenye transfoma itakayoshushwa kwenye lori. Kwa impidansi zilizo chini ya 10%, mtengenezaji anaruhusiwa kupishana kwa sehemu moja ya kumi juu au chini, na ya chini ndiyo inayokuumiza: 6% inaweza kufika ikiwa 5.4%, na 5% ikiwa 4.5%. Pili, volti kabla ya shoti inaweza kuwa juu ya 415, ndiyo maana IEC 60909 inataka uzidishe kwa 1.05 kwa mitandao ya volti ndogo yenye upishanaji wa 6%, na kwa 1.1 ikiwa upishanaji ni 10%. Nimetumia 1.05.

| Mchoro | Transfoma na gridi tu | Pamoja na mota | Hali mbaya kabisa | Breka inayotosha |
|---|---|---|---|---|
| A: 1 × 2000 kVA | 37.9 kA | 42.1 kA | 47.8 kA | 50 kA |
| B: 2 × 1000 kVA sambamba | 43.9 kA | 48.1 kA | 54.5 kA | 65 kA |
| C: 2 × 1000 kVA, katikati wazi | 24.6 kA | 26.6 kA | 30.5 kA | 36 kA |

Tazama mstari wa B taratibu. Aliyeishia safu ya tatu angeandika 48.1, akanunua breka zenye Icu, yaani uwezo wa kukata shoti, ya 50 kA na kulala usingizi. Akija kupokea transfoma zenye 4.5%, breka zake zote zimeshapitwa, na hakuna taa itakayowaka kumwambia. Paneli itafanya kazi miaka mingi vizuri kabisa, kwa sababu breka yenye uwezo pungufu haina dalili yoyote siku za kawaida. Inaonyesha siku ya shoti tu. Ndiyo maana transfoma ikifika, kabla hata ya kuishusha kwenye msingi, mimi hupiga picha kibao chake na kurudia hesabu kwa namba iliyochongwa pale.

Kinachopotea ukipunguza shoti

Mpaka hapa C inaonekana bingwa, lakini MVA za shoti ni shilingi yenye pande mbili. Namba ileile inayokuogopesha ndiyo inayopima ubavu wa basbaa pale mota kubwa inapowashwa. Mota ya kinu ya 200 kW ikiwashwa moja kwa moja inavuta karibu MVA 1.4. Ili kujua volti itaanguka kiasi gani, gawa 1.4 kwa jumla yake na MVA za transfoma na gridi. Katika A volti inashuka karibu 4.9%, katika B 4.2%, katika C 7.4%. Saba si msiba, lakini taa zitapepesa na kontakta dhaifu zinaweza kuachia. Ukichagua C, mota hiyo iwekee kiwashio laini, au uipange upande usio na kompyuta na vifaa vya maabara.

Upande wa kuharibika kwa transfoma, A ndiyo dhaifu. Ikiungua, kiwanda kizima kinangoja. B inaendelea bila hata kupepesa, mradi transfoma iliyobaki inabeba mzigo, na kwa MVA 1.2 kwenye transfoma ya MVA 1 lazima uzime baadhi ya mashine upesi. C inapoteza nusu moja kwa dakika chache, kisha unafungua breka ya transfoma mbovu, unafunga ya katikati, na upande uliozimika unalishwa na transfoma nzima. Katika hali hiyo mota zote ziko pamoja nyuma ya transfoma moja, na shoti kwa hali mbaya kabisa inafika 32.7 kA. Bado iko chini ya 36. Hiyo nayo ipigwe hesabu kabla ya kununua, isije ikawa umesahau.

Kuhusu B niongeze hili moja: transfoma mbili sambamba zinataka ziwe kundi moja la uunganishaji, kwa mfano zote Dyn11, tapu ileile na impidansi inayolingana. Moja ikiwa 4.5% na nyingine 5.5%, ile ya 4.5% inabeba mzigo mkubwa zaidi na inapata moto wakati mwenzake anapumzika.

Funguo za mchoro C

Hesabu yote ya C inasimama juu ya sharti moja: breka tatu, yaani mbili za kuingizia na ile ya katikati, zisifungwe zote kwa wakati mmoja hata sekunde moja. Zikifungwa zote, umekuwa na mchoro B, na breka zako ni za 36 kA mahali penye 48.

Niliona hili kwa macho yangu katika kiwanda kimoja nilichoitwa baada ya ajali. Paneli ilikuwa ya aina hiyohiyo, na ilikuwa na kufuli za kimitambo: breka tatu, funguo mbili. Breka haifungiki bila ufunguo wake kuwa ndani, na ukiutoa breka inabaki wazi. Kwa funguo mbili huwezi kufunga tatu. Hiyo ni kinga nzuri kuliko zote ninazozijua, kwa sababu haitegemei waya wala programu.

Fundi wa zamu, mtu wa makamo aliyetoka Tororo, alinionyesha breka ya kompresa. Kifuniko chake cha mbele kilikuwa kimepasuka vipande, ndani kumejaa masizi meusi na matone ya shaba iliyoyeyuka kama mchanga wa kung'aa, na mapao ya nyuma yamepinda kwa nje. Kebo ilikuwa imepigwa shoti mita mbili tu kutoka kwenye paneli.

"Mzee, ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Breka ya katikati ilikuwa imefungwa, bosi. Tulikuwa tunabadili transfoma bila kuzima mashine."

"Zote tatu zimefungwa? Kwa funguo mbili?"

Akanyoosha kidole ukutani. Kwenye msumari, juu ya daftari la zamu, ulining'inia ufunguo wa tatu, bado una karatasi ya mtengenezaji iliyoandikwa kuwa ni wa akiba. Ulikuja ndani ya bahasha pamoja na paneli, na hakuna aliyewaambia kuwa ufunguo huo haupaswi kuwa chumbani. Kwao ulikuwa njia ya kuepuka kusimamisha uzalishaji kwa dakika mbili kila wanapobadili. Walikuwa wanafanya hivyo kila mwezi, na kila mwezi kwa dakika zile mbili breka zao zilikuwa pungufu.

Tangu siku hiyo, ninapokabidhi paneli ya aina ya C, ufunguo wa akiba naufunga kwenye bahasha na kuukabidhi kwa meneja kwa saini, uende kwenye sefu ya ofisi. Na kama mwenye kiwanda ananiambia wazi kwamba hataki kusimamisha mashine hata mara moja wakati wa kubadili transfoma, hapo simuuzii C ya 36 kA. Ninamwambia anunue vifaa vya 65 kA, kwa maana anachokitaka ni B hata kama mchoro wake umeandikwa C.

Mahali ambapo njia hii inadanganya

Njia ya MVA inajumlisha ukubwa wa impidansi bila kuangalia pembe zake. Kwenye basbaa karibu na transfoma hakuna shida, maana gridi na transfoma zote zina reaktansi nyingi na ukinzani kidogo, pembe zinakaribiana. Ukishuka kwenye kebo ndefu mambo yanageuka. Chukua kebo ya shaba ya 95 mm², mita 60, kutoka basbaa ya mchoro B kwenda kwenye paneli ndogo. Ukinzani wake kwa umbali huo ni karibu ohmu 0.0116, reaktansi karibu 0.0048, kwa hiyo kebo peke yake ni MVA 13.7. Mfululizo na 34.6 ya basbaa, njia ya MVA inakupa 13.7 kA. Ukipiga hesabu ya ukinzani na ya reaktansi kila moja peke yake unapata karibu 15.2 kA. Tofauti ni sehemu moja ya kumi, na imeegemea upande wa hatari: hesabu ya haraka imekupa shoti ndogo kuliko halisi.

Kwa hiyo kwenye basbaa kuu itumie bila wasiwasi. Kwenye paneli ndogo mwisho wa kebo, ikiwa jibu lako liko karibu na uwezo wa breka, kama 13.7 dhidi ya breka ya 15 kA, acha njia hii na upige hesabu kamili.

Na usisahau upande wa jenereta. Jenereta ya akiba ya 500 kVA yenye reaktansi ya awali ya 15% inatoa MVA 3.3 tu, karibu 4.6 kA mwanzoni, na inashuka haraka baada ya hapo. Breka kuu uliyoiseti kwa shoti ya makumi ya kA inaweza kukaa tu ikitazama. Mchoro C unakusaidia hapa, kwa kuwa jenereta inalisha upande mmoja wenye breka ndogo, na seti zake unaweza kuzishusha bila kugusa upande mwingine.

Chaguo langu kwa kiwanda hiki

Ningemchagulia C, na mota ya 200 kW aiwekee kiwashio laini. Breka za 36 kA zinamtosha hata katika hali mbaya, gridi ikikua haitamsumbua, na ana nusu ya kiwanda ikifanya kazi transfoma moja ikifa. Sharti ni funguo mbili tu ndani ya chumba.

Ningehamia A kama mwenye kiwanda hana fundi wa kudumu wa kubadili breka kwa mpangilio, na kama kukaa siku kadhaa bila umeme, akitumia jenereta kwa mashine za lazima, hakumfilisi. Ni mchoro usio na kitu cha kukosea, ila aiagize transfoma yenye 6% kwa maandishi, na aikatae ikija chini ya 5.4%.

B ningeigusa tu pale ambapo paneli ya 65 kA tayari ipo ukutani, na kuna mashine ambayo kweli haivumilii kuzimika hata dakika moja. Kwa kiwanda cha mafuta cha MVA 1.2 sijaiona sababu hiyo.

Chaguo lolote likishapita, andika kwa rangi isiyofutika juu ya mlango wa paneli: MVA za gridi ulizotumia, impidansi iliyosomwa kwenye kibao, kA uliyoipata, na tarehe. Atakayekuja baada ya miaka mitano kuongeza breka ataanzia hapo.